Kapu la Pasaka: ofa isiyokula mtaji wala kumkwaza muumini

"Shikamoo mwalimu. Nina duka la vyakula hapa Mbeya, jirani na kanisa la Moravian, parokia ya Katoliki na usharika wa KKKT. Wateja wangu wengi ni familia za kanisani. Pasaka iliyopita nilipunguza asilimia 10 kwa kila kitu. Duka lilijaa, lakini nilipopiga hesabu faida sikuiona. Tena mama mmoja alininung'unikia kwamba natafuta hela kwa mateso ya Bwana. Pasaka ijayo nifanyeje ili nipate kitu na nisimkwaze mtu?"

Marahaba, dada. Nianze na faida, maana ukishajua ilikopotelea, hata lile la manung'uniko litakuwa rahisi kulirekebisha.

Chukua bei hizi kama mfano tu, kisha uweke zako. Sukari unainunua 2,750 kwa kilo na kuiuza 3,000. Mteja akibeba kilo mbili analipa 6,000, na humo wewe una 500. Ukimpunguzia asilimia 10, umemwachia 600. Maana yake umemlipa shilingi 100 ili achukue sukari yako. Mafuta ya alizeti unanunua lita 6,500 na kuuza 7,000. Kwa lita mbili faida ni 1,000, punguzo ni 1,400, umepoteza 400. Unga wa ngano kilo mbili unauza 4,000, faida yake 400, punguzo 400, hukupata wala hukupoteza. Sasa jiulize wale waliojaa dukani walibeba nini. Bila shaka sukari, mafuta na unga, kwa sababu ndivyo kila mtu anavyovijua bei, na punguzo lake linaonekana mara moja. Biskuti na viungo, ambavyo vingekurudishia kidogo, vilibaki kwenye rafu. Kwa hiyo kadiri duka lilivyojaa ndivyo mtaji ulivyozidi kuliwa.

Duka la nguo linaweza kukata asilimia 10 likabaki hai, kwa kuwa gauni la mtoto la 25,000 huenda lilinunuliwa 15,000. Duka la vyakula halina nafasi hiyo. Ndiyo maana nakushauri uache kabisa punguzo la kila kitu na ufunge kapu moja la Pasaka lenye bei moja.

Kapu lenyewe liwe chakula cha meza ya Jumapili ile kwa familia ya watu sita au saba, na chai ya Jumatatu. Mimi ningeweka mchele kilo tano, mafuta lita mbili, sukari kilo mbili, unga wa ngano kilo mbili wa chapati na maandazi, majani ya chai robo kilo, boksi la biskuti kwa ajili ya watoto na wageni, na vifuko viwili vya viungo vya pilau. Kwa bei za rejareja, mchele kwa 3,000 ni 15,000, mafuta 14,000, sukari 6,000, unga 4,000, chai 3,000, biskuti 6,000 na viungo 2,000. Jumla 50,000. Wewe vyote hivyo vimekugharimu 43,000: mchele 13,000, mafuta 13,000, sukari 5,500, unga 3,600, chai 2,200, biskuti 4,500, viungo 1,200.

Uza kapu hilo kwa 48,000 na useme wazi kwamba viungo vya pilau ni zawadi ya duka. Mfuko imara wa kubebea utakula kama 500. Unabaki na 4,500 kwa kila kapu. Ungekata asilimia 10 kwenye vitu hivyo hivyo ungebaki na 1,500 baada ya mfuko, yaani ungehitaji kuuza makapu matatu kupata unachopata kwa moja. Kwa mteja, viungo vya bure ni kitu anachokishika mkononi, na ndicho kitu ambacho mama wengi hukisahau hadi Jumamosi jioni sufuria likiwa tayari jikoni. Wewe kinakugharimu 1,200, yeye angekinunua 2,000. Chagua zawadi kwa kanuni hiyo: kitu chenye nafasi pana kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia, na kinachohitajika kweli siku ile. Kamwe isiwe sukari.

Lakini usihesabu 4,500 kama faida mpya yote. Mteja wako wa kawaida angekuja hata hivyo kuchukua, tuseme, sukari kilo mbili na robo ya majani, ambavyo vinakupa 1,300. Mchele angeununua Mwanjelwa na mafuta mahali pengine. Kapu linamfanya amalize yote kwako, na nyongeza yako halisi ni 3,200 kwa mteja huyo. Hii ndiyo namba ya kutazama. Ukiona makapu yananunuliwa na watu ambao siku zote huchukua vitu hivyo vyote kwako kwa bei kamili, basi umewapa zawadi tu. Si dhambi, ni shukrani kwa wateja waaminifu, ila ujue kwamba kwao hukuongeza mauzo.

Idadi ya makapu usiikisie kwa furaha ya mwaka jana. Kwa duka la mtaa lenye wateja wa kudumu mia mbili hivi, mimi ningeanza na 60. Hayo yanahitaji mzigo wa 2,580,000, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu hela hiyo huwa haipo mwezi Machi. Kuna njia ya kuipata bila kukopa, lakini kwanza tuzungumze tarehe.

Pasaka ya 2026 iliangukia 5 Aprili. Ya 2027 ni 28 Machi, na hili linabadilisha mambo. Mishahara ya serikali huwa inaingia kati ya tarehe 23 na 25. Mwaka 2026 ilikuwa imeshaingia siku kumi na zaidi kabla ya Pasaka, watu wameshalipa kodi na madeni, wakaja dukani na kilichobaki. Mwaka 2027, tarehe 23 ni Jumanne ya Juma Kuu, 25 ni Alhamisi Kuu, 26 ni Ijumaa Kuu. Mwalimu, muuguzi na karani watakuwa na hela mbichi siku hizo mbili tatu tu, na wote watataka kununua kwa pamoja. Kwa upande wa pili, mkulima wa Uyole au wa Mbalizi yuko katika miezi ya ukata, mahindi bado yako shambani. Kwa hiyo una wateja wa aina mbili, na ofa moja lazima iwafae wote: mwenye mshahara anunue taslimu Juma Kuu, asiye na mshahara alipe kidogo kidogo tangu mwanzo wa Kwaresima.

Jumatano ya Majivu ya 2027 ni 10 Februari. Kuanzia Jumamosi ya 13 Februari hadi 20 Machi, mkesha wa Jumapili ya Matawi, kuna Jumamosi sita kamili. Kapu ni 48,000, kwa hiyo ni 8,000 kwa wiki. Hesabu hii ni nyepesi kiasi kwamba mteja haihitaji kikokotoo. Mpe kadi ngumu ya ukubwa wa kiganja yenye jina lake, orodha ya vitu na uzito wake, na visanduku sita. Kila akilipa unagonga muhuri na kutia sahihi kwenye kadi, na unaandika kwenye daftari lako mstari huo huo. Atakayelipa kwa simu, apokelewe kwenye lipa namba ya duka, siyo kwenye namba yako binafsi.

Ukipata kadi 30, kufikia Jumamosi ya tatu, 27 Februari, utakuwa umepokea 720,000. Mchele na mafuta ya makapu hayo 30 ni 780,000. Ongeza 60,000 yako, ununue vitu hivyo viwili siku hiyo hiyo au Jumatatu yake. Nakuomba hili ulishike kuliko yote niliyoandika hapa. Hela ya kadi isilale dukani. Nimeona duka zuri likifungwa baada ya Pasaka kwa sababu mwenye duka alilipia ada ya mtoto kwa hela ya kadi akitumaini mauzo ya Machi yatairudisha. Bei ya mafuta ikapanda, na Jumatano ya Juma Kuu kina mama kumi na saba walisimama mlangoni na kadi zilizojaa mihuri, mzigo haupo. Hela ya kadi igeuke mchele na mafuta mapema, na mzigo huo uandikwe majina stoo. Andika pia nyuma ya kadi kwamba atakayeshindwa kumaliza atapewa bidhaa za thamani ya alicholipa, au atarudishiwa hela yake yote kabla ya Jumatano Kuu. Hayo ni malipo ya bidhaa. Usiahidi nyongeza ya aina yoyote juu ya hela ya mtu, usije ukageuka mpokea amana.

Kununua mapema kuna faida nyingine kwa sisi wa Mbeya. Mchele wa Kyela na wa Usangu unavunwa kuanzia Mei hivi. Februari hadi Aprili ni mwisho wa msimu, maghala yanapungua na bei inapanda kila wiki. Makapu 60 ni kilo 300, gunia tatu za kilo mia. Nenda Mbarali na mwenzako mwenye duka mkachukue pamoja mashineni. Mkipata kilo kwa shilingi 100 pungufu, wewe peke yako umeokoa 30,000 kabla ya kutoa nauli ya mzigo. Usinunue kwa macho. Omba nusu kilo, uipeleke nyumbani, uipike. Tazama kama punje zinasimama au zinashikana, na unuse kama harufu ya Kyela unayoambiwa ipo kweli. Mwaga kiganja kimoja kwenye sinia jeusi uone chenga na mawe. Mchele uliokaa tangu mavuno unanywa maji zaidi na unachambuka, kwa hiyo ni mzuri kwa pilau. Shida yake ni fukusi na unyevu wa mvua za Machi, basi uweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na ufungue kila gunia mara moja kwa wiki.

Sukari ni habari nyingine. Viwanda vyetu husimama kusaga miwa mvua kubwa zinapoanza, na mwanzoni mwa 2024 tuliona mvua zilivyoiadimisha hadi serikali ikatangaza bei elekezi. Kadi yenye sukari ndani usiiache ifike wiki ya sita kabla hujaiweka sukari hiyo stoo. Kwa makapu 30 ya kadi ni kilo 60 tu, shilingi 165,000. Inunue kwa malipo ya Jumamosi ya nne.

Ukifunga vifuko vya kilo mbili wewe mwenyewe, tumia mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, na kifuko kitoke na gramu tano za ziada badala ya kupungua. Mama akipima nyumbani akakuta kilo moja na robo tatu, jumuiya nzima itajua kabla ya Ijumaa.

Sasa nije kwenye manung'uniko ya yule mama, maana nadhani alikuwa na haki.

Mimi mwenyewe, miaka hiyo nikiwa na duka Uyole, niliandika bango la manila Jumatatu ya Juma Kuu: "ALELUYA! BEI ZIMESHUKA". Niliona ni furaha ya Pasaka. Mzee mmoja Mkatoliki, mteja wangu wa kila siku, alisimama akalisoma, akavua kofia, akaniambia kwa upole: "Kijana wangu, sisi neno hilo hatujalitamka tangu Majivu. Tunalisubiri usiku wa Jumamosi." Nililishusha palepale. Sikujua kwamba katika Kwaresima yote Wakatoliki hawaimbi Aleluya, na kwamba inaporudi kwenye Mkesha watu hutokwa machozi. Mimi nilikuwa nimeitundika juu ya sabuni.

Tangu hapo nina desturi moja: lugha ya ibada iachwe kanisani, duka liongee lugha ya chakula na ya ukarimu. Usiandike kwamba bei zimefufuka au zimesulubiwa, wala "ofa ya msalaba". Usiweke picha ya Yesu wala msalaba karibu na namba za bei. "Kapu la Pasaka kwa familia yako" inatosha, na karatasi nyeupe yenye maandishi meusi au ya kijani inapendeza. Salamu za "Heri ya Pasaka" zitoke Jumapili, si kabla. Hata salamu ya kawaida ina mwenyewe: Mlokole na Mlutheri watafurahia "Bwana asifiwe", Mkatoliki amezoea "Tumsifu Yesu Kristo". Mdomoni msalimie kila mtu kwa yake, unawajua. Kwenye bango na kwenye meseji tumia salamu ya wote.

Saa za duka nazo ni sehemu ya heshima, na hapa ujirani wa makanisa matatu unakusaidia. Wamoravian husali jioni za juma la mateso, kwa hiyo kuanzia Jumapili ya Mitende wateja wako wa Moravian watapita dukani kabla ya ibada au baada yake. Mwache mtu kwenye kaunta mpaka saa mbili usiku. Alhamisi Kuu Wakatoliki wana Misa ya Karamu ya Bwana jioni. Funga ofa siku hiyo saa 10, kabla hawajaondoka nyumbani. Ijumaa Kuu ningefunga siku nzima. Kama mtaa wako hauna duka lingine na watu watahitaji mkate na maziwa ya mtoto, fungua asubuhi mpaka saa tano, bila muziki na bango la ofa likiwa limeshushwa. Ibada ya Mateso ya Wakatoliki ni saa tisa alasiri, na wengine wamefunga kula toka asubuhi. Siku hiyo pia hawali nyama, kwa hiyo kama unauza kuku au soseji, usivitangaze kwa ajili ya Ijumaa. Maharage na dagaa ndivyo vitakavyotoka.

Jumamosi fungua mapema, saa 12 asubuhi, na ufunge saa 11 jioni. Ndiyo siku ya nyanya, vitunguu, tangawizi, mayai na mkaa, na ndiyo sababu nataka makapu yawe yameshatoka Alhamisi: ukichanganya foleni ya makapu na foleni ya nyanya, mtu aliyekuja kwa vitunguu vya 500 atasimama nusu saa, na hatarudi. Kwa mwenye mshahara uliochelewa, mwandike jina Alhamisi, kapu lake lifungwe pembeni, alichukue Jumamosi kwa bei ile ile. Jumapili duka lifungwe. Wamoravian huwa makaburini alfajiri, desturi waliyoanza kule Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732 na ambayo wamisionari walikuja nayo Rungwe tangu 1891, na hakuna mama anayetoka pale akitaka kununua chumvi. Wewe nawe nenda kasali.

Wasabato usiwasahau wala usiwachanganye. Sabato yao inaanza Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama, kwa hiyo Jumamosi yako kubwa hawapo. Na wengi wao hawaadhimishi Pasaka kama sikukuu, hivyo usiwatumie salamu za Pasaka kana kwamba ni yao. Waambie tu kwamba kapu lipo hadi Alhamisi na vitu vilivyomo. Mchele ni mchele.

Kuhusu kutangaza: usibandike kitu kwenye ukuta wa kanisa wala usimweke kijana wa kugawa karatasi getini watu wakitoka ibadani. Mwone mchungaji au mzee wa kanisa, na kwa parokia mwone paroko au mwenyekiti wa jumuiya, mapema Februari, ukiwa na kadi yako mkononi. Usiombe tangazo la bei madhabahuni. Uliza jambo moja: je, jumuiya ina familia za wahitaji itakazozikumbuka Pasaka hii? Mara nyingi zipo, na michango huchangwa. Jitolee kuwauzia kapu kwa 44,000, viungo vikiwa ndani, yaani 500 juu ya gharama yako na ya mfuko. Kwenye makapu kumi unapata 5,000 tu, lakini umepokea 440,000 taslimu kwa mkupuo mmoja na wenye jumuiya wameona mchele wako. Makapu hayo wagawe wao. Wewe usiende na kamera, usibandike jina la duka juu yake, na usipige picha ya bibi anayepokea. Huyo bibi ni jirani yako, na wajukuu wake ni wateja.

Umefikiria labda kuchezesha bahati nasibu: nunua kapu, ushinde friji. Iache. Shindano la namna hiyo linahitaji kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na zaidi ya hapo, makanisa mengi yanafundisha waumini wao wajiepushe na kubahatisha. Kiongozi aliyekukubalia kadi Februari atajuta Machi.

Meseji tuma mbili tu. Ya kwanza Jumatano 17 Machi, saa nne asubuhi, ukieleza kila kitu ndani ya herufi 160 ili isikatwe vipande viwili na kulipiwa mara mbili. Kwa mfano hivi, ukiweka jina la duka lako:

"Salaam kutoka Duka la Kona. Kapu la Pasaka 48,000: mchele kg 5, mafuta lita 2, sukari, unga, chai, biskuti. Viungo vya pilau bure. Mwisho Alhamisi 25/3 saa 10."

Ya pili iende Jumatatu ya Pasaka mchana: "Heri ya Pasaka kwako na familia. Asante kwa kutuamini." Isiwe na bei wala ofa. Namba uzitumie za wale tu walioandika wenyewe kwenye daftari lako wakijua utawatumia. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kuchukua orodha ya namba za kwaya kutoka kwa rafiki ni kosa, na kwa mwenye namba ni usumbufu.

Wakati wa mauzo weka daftari dogo pembeni ya kaunta na uandike mambo mawili kwa kila kapu: mteja ni wa kila siku au mgeni, na alinunua nini kingine. Ikifika Jumatano Kuu mchana na zaidi ya makapu ya taslimu 15 kati ya 30 bado yapo, usishushe bei. Waliokwisha kulipa 48,000 kwa wiki sita wataona umewacheza. Subiri Alhamisi, ndiyo siku ya mshahara. Ukiona watu wanauliza "naweza kupata bila biskuti?", hiyo ni dalili kwamba kapu ni kubwa kwa mfuko wao, mwaka ujao tengeneza dogo la mchele kilo mbili na nusu. Kwa sasa waambie kwa upole kwamba bila biskuti wanaweza kununua kimoja kimoja kwa bei ya kawaida, na uwaachie kifuko kimoja cha viungo.

Yatakayobaki, Jumanne 30 Machi yafungue na urudishe kila kitu kwenye rafu. Ndiyo maana sikukuambia ununue mayai ya chokoleti, biskuti zenye picha za sungura, au mifuko iliyochapwa "Pasaka 2027". Mchele, mafuta na sukari havina sikukuu, vinauzika wiki inayofuata kwa bei yake kamili. Biskuti tu ndizo za kuangalia tarehe ya mwisho wa matumizi siku unayozinunua. Chukua zenye miezi sita mbele.

Kabla hujachapisha kadi hata moja, Januari hii waulize kina mama kumi na watano wanaopita kaunta yako swali hili: Pasaka iliyopita, kitu gani kiliisha nyumbani kwako kabla ya Jumapili mchana? Andika majibu. Kama wanane watasema vitunguu na siyo viungo, basi zawadi ya kapu lako ni kilo mbili za vitunguu, na upige hesabu yangu upya kwa bei ya vitunguu ya hapo Mbeya.